Dozi 168 za muhula: hesabu ya matroni anayetunza dawa ya kifafa Bagamoyo

Tuchukue mfano wa mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili katika shule ya bweni Bagamoyo. Ana miaka 14, uzito wake ni kilo 48, na anaishi na kifafa. Daktari amemwandikia kabamazepini, vidonge vya miligramu 200: viwili saa 1 asubuhi na viwili saa 1 usiku. Kuanzia shule inapofunguliwa hadi mapumziko kuna wiki 12. Siku hizo 84 zinampa mwanafunzi dozi 168, yaani vidonge 336, na vyote vitapita mkononi mwa matroni. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya hesabu tu. Kiwango cha mwanafunzi halisi hupangwa na daktari wake, na matroni hakigusi. Lakini mengi yanayoamua kama dawa itafanya kazi hutokea nje ya chumba cha daktari: dawa inamezwa saa ngapi, inakaa wapi, na nini kinafanyika siku inaposahauliwa. Makala haya yanapima mambo hayo kwa tarakimu.

Wangapi bwenini?

Swali la kwanza ni kama mwanafunzi huyu yuko peke yake. Mwaka 2013 zilichapishwa takwimu za utafiti uliofanyika katika maeneo 5 ya Afrika, yakiwemo Kilifi katika pwani ya Kenya na Ifakara hapa Tanzania. Kilifi ilionekana na watu 7.8 wenye kifafa cha kuanguka kwa kila watu 1,000, na Ifakara 14.8. Bweni lenye wanafunzi 600 likifuata kiwango cha Kilifi litakuwa na wanafunzi kama 5. Likifuata cha Ifakara, litakuwa na kama 9.

Hesabu hiyo isichukuliwe kama ilivyo. Utafiti ule ulihesabu watu wa rika zote vijijini, wakiwemo watoto wengi ambao kifafa chenyewe kimewazuia kufika sekondari. Kwa hiyo idadi ya bwenini inaweza kuwa pungufu ya 5. Hata hivyo, daftari la matroni likionyesha sifuri katika shule ya wanafunzi 600, maelezo mawili yanawezekana: hakuna mgonjwa, au yupo na anameza dawa kwa kificho. Anayemeza kwa kificho ndiye anayeruka dozi mara tu wenzake wanapomkaribia. Mazungumzo ya faragha na kila mzazi siku ya kuripoti ndiyo yatakayompa matroni hesabu ya kweli.

Dozi: miligramu kwa kilo

Kabamazepini kwa watoto hupimwa kwa uzito. Kiwango cha kawaida cha matengenezo, yaani dozi ya kila siku baada ya mwili kuizoea dawa, ni miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo kwa siku, zikigawanywa mara mbili au zaidi. Mwanafunzi wetu anameza miligramu 800 kwa siku. Ukigawa kwa kilo 48 unapata miligramu 16.7 kwa kilo, na hapo yuko ndani ya mipaka.

Msichana wa miaka 14 hakai kwenye kilo 48. Akifika kilo 54, vidonge vilevile 4 vinakuwa miligramu 14.8 kwa kilo. Akifika 60, ni 13.3. Hakuna aliyebadilisha dawa, lakini dozi kwa kilo imeshuka kwa asilimia 20. Bado yuko ndani ya mipaka, na huenda dozi hiyo inamtosha. Anayejua ni daktari, naye hawezi kujua kama hajaambiwa uzito mpya. Ndiyo maana mizani ya shule inastahili kutumika mara mbili kwa muhula, siku ya kufungua na siku ya kufunga, na namba iandikwe kwenye kadi ya mwanafunzi pamoja na tarehe za siku alizoanguka.

Jambo jingine la dozi ni dawa nyingine. Kabamazepini huliamsha ini livunje dawa nyingi upesi zaidi, zikiwemo zile za mseto tunazotumia pwani kutibu malaria. Erithromaisini nayo hufanya kinyume: huzuia kabamazepini isivunjwe, ikarundikana mwilini. Kwa hiyo mwanafunzi huyu akipelekwa zahanati kwa homa au kikohozi, kadi ya dawa zake iende pamoja naye. Matroni hahitaji kukariri orodha ya dawa zinazogongana. Anahitaji kuhakikisha kwamba mtu wa zahanati ameona neno kabamazepini kabla ya kuandika dawa yoyote.

Asilimia ileile, hatari tofauti

Tuseme mwisho wa muhula daftari linaonyesha dozi 12 hazikumezwa. Dozi 12 kati ya 168 ni asilimia 7.1, kwa hiyo mwanafunzi amemeza asilimia 92.9 ya dawa yake. Katika ripoti, hiyo ni alama nzuri. Lakini dozi 12 zinaweza kukosekana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kusahau dozi moja kila wiki kwa wiki 12. Ya pili ni vidonge kwisha Jumatatu na mzazi kufika na vingine Jumapili: siku 6 mfululizo bila dawa. Asilimia ni ileile. Hatari haifanani hata kidogo.

Ili kuona tofauti hiyo tunahitaji kipimo kimoja: muda wa nusu, yaani saa ambazo mwili huchukua kupunguza dawa iliyomo kwenye damu hadi nusu yake. Kwa mtu aliyekwisha kuizoea kabamazepini, vitabu vya dawa hutaja saa 12 hadi 17, na kwa watoto mara nyingi muda huo huwa mfupi zaidi kuliko kwa watu wazima. Tuchukue 12 kwa kuwa inarahisisha hesabu na inatuweka upande wa tahadhari. Kiwango cha dawa mara tu baada ya dozi ya kawaida tukipe alama 100. Baada ya saa 12 kimeshuka hadi 50. Dozi inayofuata inaongeza 50, tunarudi 100. Mzunguko huo ukiendelea bila kukatika, damu inakaa kati ya 50 na 100 muhula mzima.

Sasa dozi moja ya asubuhi isahauliwe kabisa. Ikifika saa 1 usiku, saa 24 tangu dozi ya mwisho, alama zimebaki 25. Dozi ya usiku inapandisha hadi 75. Kesho asubuhi baada ya dozi ni karibu 88, na kesho usiku ni 94. Dozi moja iliyosahauliwa imechukua dozi tatu kurudisha kiwango karibu na kawaida yake. Ikisahauliwa mara moja kwa wiki, mwanafunzi anashuka hadi 25 mara 12 katika muhula, na kila mara anapanda tena.

Katika hali ya pili hakuna kupanda. Baada ya saa 24 ni 25, baada ya saa 48 ni 6, na siku ya tatu ikiisha imebaki chini ya 2. Siku tatu nyingine zinapita akiwa hana dawa mwilini. Kukatisha dawa ya kifafa ghafla namna hii ni miongoni mwa sababu zinazojulikana za mtu kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati, hali ya dharura inayoweza kuua. Kwa hiyo safu muhimu zaidi ya daftari ni ya vidonge vilivyobaki. Safu ya vidonge vilivyomezwa inaeleza yaliyopita. Safu ya vilivyobaki inamwambia matroni siku ambayo dawa itakwisha, na mapema vya kutosha kumpigia mzazi simu.

Hesabu hii ni nyepesi kuliko mwili wenyewe. Kabamazepini hufyonzwa polepole tumboni, hivyo mshuko halisi si mkali kama tulivyouchora. Tena muda wa nusu ukiwa saa 17 badala ya 12, alama baada ya saa 24 ni 38, si 25, na baada ya saa 48 ni 14, si 6. Namba zinasogea, lakini mpangilio haubadiliki: dozi zilizokosekana mfululizo ni hatari kuliko zilezile zikitawanyika.

Akisahau, alipe deni?

Watu wengi wakisahau dozi ya asubuhi humeza mara mbili usiku. Tuupime uamuzi huo kwa kipimo kilekile. Saa 1 usiku alama ni 25. Vidonge viwili vya kawaida vinampeleka 75. Vidonge vinne vinampeleka 125, robo zaidi ya kilele alichozoea. Kabamazepini ikizidi, mtu huona kitu kimoja kama viwili, hupepesuka akitembea, husinzia na kutapika. Mwanafunzi anayefika darasa la usiku katika hali hiyo atadhaniwa mvivu au mlevi, na kesho yake atakuwa na sababu ya kukataa dawa.

Kuchelewa ni jambo tofauti na kuruka. Tuseme dozi ya saa 1 asubuhi imekumbukwa saa 3, wakati wa vipindi. Ikimezwa hapohapo na ya usiku ikamezwa kwa wakati wake, kilele cha usiku kinakuwa kama 103. Ikikumbukwa saa 7 mchana, ni kama 110. Ikikumbukwa saa 11 jioni, saa mbili tu kabla ya dozi ya usiku, kilele kinafika kama 120, karibu sawa na kumeza mara mbili.

Tarakimu hizo tatu zinaeleza kwa nini maelekezo ya kawaida ya dawa inayomezwa mara mbili kwa siku hukata katikati ya nafasi ya saa 12. Kwa ratiba ya mwanafunzi huyu, dozi ya asubuhi ikikumbukwa kabla ya saa 7 mchana, apewe mara moja, na ya usiku ibaki pale pale. Ikikumbukwa baada ya saa 7 mchana, irukwe, na usiku apewe vidonge viwili tu. Dozi ya usiku inafuata kanuni hiyohiyo, na mpaka wake ni saa 7 usiku. Hakuna saa ya mchana wala ya usiku ambapo vidonge vinne kwa mpigo ni jibu. Mpaka huo wa saa 7 uandikwe na daktari au mfamasia kwenye kadi ya mwanafunzi, ili matroni wa zamu asilazimike kukisia.

Dozi mbili mfululizo zikikosekana, matroni ampe ya kawaida wakati wake unapofika na apige simu kituo cha afya siku hiyohiyo. Zikikosekana kwa zaidi ya siku mbili, apige simu kwanza, kwa sababu daktari anaweza kutaka kuanza upya kwa kiwango kingine. Mwanafunzi akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, matroni atazame kama vidonge vimetoka, aandike saa, na aulize kabla ya kurudia.

Theluthi inayopotea kabatini

Mpaka hapa tumechukulia kwamba kidonge cha miligramu 200 kinampa mwanafunzi miligramu 200. Pwani dhana hiyo inahitaji kuchunguzwa. Kabamazepini huvuta unyevu. Kidonge kilichokaa kwenye hewa yenye maji hubadilika umbo la ndani, kikawa kigumu na kisiyeyuke vizuri tumboni. Mwaka 1990 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba vidonge vya kabamazepini vilivyohifadhiwa penye unyevu vinaweza kupoteza hadi theluthi moja ya nguvu yake.

Theluthi ya miligramu 800 ni 267. Mwanafunzi anabaki na nguvu ya miligramu 533 kwa siku, na kwa kilo zake 48 hizo ni 11.1 kwa kilo, kutoka 16.7. Kwa muhula mzima ni sawa na kukosa dozi 56 kati ya 168. Daftari litaonyesha asilimia 100, matroni atakuwa hajakosea saa hata moja, na mwanafunzi ataendelea kuanguka. Daktari akiliona daftari hilo safi anaweza kuhitimisha kwamba dozi haitoshi, akaiongeza. Pakiti mpya kavu ikifika, kiwango kile kilichoongezwa kinakuwa kikubwa mno.

Neno "hadi" katika onyo lile lina uzito. Theluthi ni kikomo cha juu, si wastani, na vidonge vya viwanda mbalimbali havivuti unyevu kwa kiasi kimoja. Hakuna anayeweza kusema kwa kutazama tu kwamba pakiti fulani ya Bagamoyo imepoteza asilimia 10 au 30. Lakini mazingira ya mji huu yanaielekea hatari badala ya kuiepuka. Muhula wa kwanza huanza Januari katika joto la kaskazi, wakati mchana huvuka nyuzi 30, kikomo kinachoandikwa kwenye pakiti nyingi za dawa hii. Kisha masika huingia Machi na kuendelea hadi Mei. Miezi ya joto kali na miezi ya mvua nyingi inafuatana ndani ya muhula mmoja.

Kinachofuata ni suala la kifungashio. Vidonge vilivyofungiwa kimoja kimoja kwenye karatasi zake vina kinga yao hadi dakika ya kumeza. Vidonge vilivyohesabiwa kutoka kopo kubwa na kutiwa kwenye bahasha ya dawa havina kinga yoyote, na vinaanza kuvuta unyevu kama chumvi ya jikoni pwani. Mzazi akiwa na uchaguzi, achukue vilivyofungiwa. Akiwa hana, aombe vitiwe kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza, pamoja na kile kifuko kidogo cha chembe za kukausha hewa kinachokuja ndani ya makopo. Kifuko hicho kisitupwe, wala kisiachwe mahali ambapo mwanafunzi anaweza kukidhani ni dawa.

Matroni naye aepuke kutoboa vidonge vya wiki nzima Jumapili na kuvipanga kwenye visanduku vya siku. Njia hiyo inaokoa dakika chache kila siku, lakini kidonge cha Jumamosi kinakuwa kimekaa wazi kwa siku sita. Atoboe viwili, mwanafunzi ameze mbele yake kwa maji, aandike. Kabati liwe la kufungwa kwa ufunguo, mbali na bafu, mbali na jiko na mbali na dirisha linalopigwa na jua la mchana. Chini ya paa la bati, rafu ya chini ina afadhali kuliko ya juu. Jokofu si mahali pake: kila kopo baridi linapofunguliwa kwenye hewa ya pwani, matone ya maji hujitengeneza ndani yake.

Dalili zinazoonekana kwa macho ni chache lakini zina maana. Kidonge kilichobadilika rangi, chenye madoa, kilichoshikana na mwenzake au kigumu kuliko kawaida unapojaribu kukikata, kiwekwe pembeni na kuonyeshwa mfamasia. Pakiti mpya ikija na jina la kiwanda kingine, matroni aandike tarehe ya kubadilisha. Mwaka 2013 wadhibiti wa dawa wa Uingereza waliiweka kabamazepini katika kundi la dawa za kifafa ambazo mgonjwa anashauriwa abaki na bidhaa ya kiwanda kimoja, kwa sababu tofauti ndogo za kuyeyuka zinaweza kuleta kuanguka au sumu. Mwanafunzi akianza kuanguka siku 10 baada ya pakiti kubadilika, tarehe hiyo itamsaidia daktari kuliko kisio lolote.

Mwezi wa Ramadhani

Kwa shule za Bagamoyo swali la mfungo haliepukiki. Mwanafunzi Mwislamu akimeza dawa saa 1 usiku baada ya futari na saa 10:30 alfajiri kwa daku, nafasi za saa 12 na 12 zinageuka saa 9 na nusu usiku na saa 14 na nusu mchana. Kwa kipimo chetu, alama kabla ya futari zinakuwa kama 45 badala ya 50, na kilele baada ya daku ni kama 105. Kwa hesabu pekee tofauti ni ndogo.

Lakini hesabu hiyo imepima dawa tu. Haikupima usingizi, na kukatishwa usingizi ni kichocheo kinachojulikana cha kifafa. Kijana anayelala saa 5 usiku na kuamka saa 10 amelala saa 5. Kwa hiyo alama 45 hazitoshi kuruhusu. Uamuzi ufanywe na daktari pamoja na mzazi wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Dini yenyewe inamruhusu mgonjwa kula. Matroni asibadilishe saa za dawa kwa ombi la mwanafunzi peke yake.

Shilingi: nani analipa nini

Shirika la Afya Duniani husema kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi, na kwamba dawa hiyo inaweza kugharimu dola 5 kwa mwaka. Tukichukua dola moja kuwa shilingi 2,600, dola 5 ni shilingi 13,000. Mwanafunzi wetu anatumia vidonge 1,460 kwa mwaka. Kugawa shilingi 13,000 kwa vidonge hivyo kunatoa karibu shilingi 9 kwa kidonge. Bei hiyo inawezekana kwa fenobabitoni, dawa ya zamani inayomezwa kwa kiasi kidogo mara moja kwa siku na kununuliwa kwa jumla. Mzazi anayenunua kabamazepini vidonge 4 kwa siku katika duka la dawa asiitegemee.

Badala yake tuweke bei ya kukadiria, shilingi 100 kwa kidonge, na kila msomaji abadilishe kwa bei ya dukani kwake. Vidonge 336 vya muhula, vikinunuliwa kwa karatasi za vidonge 10, ni karatasi 34, yaani vidonge 340 kwa shilingi 34,000. Vinabaki vidonge 4, dozi za siku moja tu. Akiba hiyo ni ndogo mno kwa mvua inayokatiza safari au basi linaloharibika. Akiba ya siku 7 ni vidonge 28. Karatasi 37 zinatoa 370, ambazo zinatosha muhula na kubakiza vidonge 34, kwa shilingi 3,000 za ziada. Shilingi hizo ndizo zinazozuia zile siku 6 tulizoziona juu.

Sasa tuongeze nauli. Tukikadiria shilingi 10,000 kwa mzazi kwenda na kurudi, kununua dawa ya mwezi mmoja mmoja ni safari 3, shilingi 30,000, karibu sawa na bei ya dawa yenyewe. Kuileta yote siku ya kufungua ni safari moja, na anaokoa 20,000. Hasara yake ni kwamba vidonge vya wiki ya 12 vitakaa kabatini wiki 11. Kama ni vya bahasha, zaidi ya nusu ya uokoaji huo inaweza kumezwa na unyevu: theluthi ya shilingi 34,000 ni karibu shilingi 11,300 za dawa isiyofanya kazi. Kama vimefungiwa kimoja kimoja, kuvileta pamoja kunashinda kwa kila namba.

Safu tano za daftari

Hesabu zote hizi zinaingia kwenye daftari lenye safu 5: tarehe, saa aliyomeza, vidonge alivyomeza, vidonge vilivyobaki, sahihi. Saa iandikwe ile ya kweli. Dozi iliyomezwa saa 3 ikiandikwa saa 1 inapendezesha daftari na kumpotosha daktari. Kila Jumapili matroni ahesabu vilivyobaki. Akianza na 370, baada ya siku 28 anapaswa kuwa na 258. Akikuta 264, vidonge 6 havikumezwa: dozi 3 kati ya 56, asilimia 5.4. Hapo aangalie kama zilifuatana. Vidonge vikibaki vya siku 14, yaani 56, ampigie mzazi simu, asisubiri viishe.

Mwanafunzi akianguka, matroni atazame saa kwanza. Amlaze ubavu, aondoe vitu vigumu karibu naye, asimtie kijiko wala kidole mdomoni, wala asimpe kidonge mpaka azinduke kabisa. Ikipita dakika 5 bado anatetemeka, au akianguka mara ya pili kabla ya kuzinduka, atafutiwe gari la kwenda hospitali papo hapo. Na akiota upele, hasa wenye homa au vidonda mdomoni katika miezi miwili ya kwanza ya dawa hii, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kabla ya dozi inayofuata.

Mkuu wa shule anayetaka kujua kama kazi hii inafanyika vizuri aulize mambo matatu: nafasi ndefu zaidi kati ya dozi mbili muhula huu ilikuwa saa ngapi, kabatini vimebaki vidonge vya siku ngapi, na vimefungiwa au viko wazi. Jibu likiwa chini ya saa 24, zaidi ya siku 14, na vimefungiwa, matroni huyo anastahili kuaminiwa. Akijibiwa kwa asilimia peke yake, aombe daftari alione mwenyewe.